Usiharakishe Kuifuta Pasipoti ya Mgeni

Mazungumzo ya leo nayaelekeza kwa watu wa mapokezi: walioko zamu Nungwi, Paje, Kiwengwa na Mji Mkongwe, na wenzao wa Bara, Mombasa na Diani, kwa sababu wageni ni wale wale na shida zao hazitofautiani sana. Nataka tuzungumzie mgeni anayekuja kaunta uso umemsawajika, anasema pasipoti yake haionekani.

Hoteli nyingi zina karatasi ya maelekezo kwa jambo hili. Iko kwenye droo, imeandikwa Kiingereza cha ofisini, na inasema karibu maneno haya: ripoti polisi, wasiliana na ubalozi, pigia shirika la ndege. Hakuna uongo hapo. Tatizo ni kwamba mhudumu anaisoma kutoka juu kwenda chini, mgeni anaifuata kutoka juu kwenda chini, na ndani ya dakika ishirini pasipoti imesharipotiwa kwa serikali iliyoitoa. Jioni inapatikana ndani ya mkoba wa ufukweni, katikati ya taulo mbichi. Watu wote wanashangilia, na hapo ndipo shida inapoanza.

Pasipoti ikisharipotiwa rasmi kuwa imepotea, imefutwa. Kwa Mwingereza, kwa mfano, akijaza taarifa hiyo kwenye tovuti ya serikali yao, GOV.UK, pasipoti inafutwa na haitumiki tena hata akiipata nusu saa baadaye. Nchi nyingine nazo zinafanya hivyo hivyo. Namba yake huweza kupelekwa kwenye kumbukumbu za Interpol za hati za kusafiria zilizoibwa na kupotea, kumbukumbu zilizoanzishwa mwaka 2002, ambazo maofisa wa mipakani huziangalia wanapopitisha hati kwenye mashine. Anayeingiza taarifa humo ni nchi iliyoitoa hati. Ofisa wa uwanja wa ndege wa Zanzibar hawezi kuitoa hata akimwonea huruma msafiri, wala meneja wa hoteli hawezi kuandika barua ya kuifufua. Kuna wageni wanaoipata pasipoti yao, wanaona aibu kuwaambia ubalozi, wanakwenda nayo uwanjani hivyo hivyo wakitumaini mambo yatapita. Wengine huzuiwa hapa, wengine huzuiwa nchi ya kuunganisha ndege, ambako ni pabaya zaidi, maana kule hawana hoteli, hawana mwenyeji, na mizigo imeshatangulia.

Kwa hiyo ninachowaomba ni kubadilisha mpangilio wa karatasi ile. Kwanza kutafuta, kwa utaratibu na kwa muda uliowekwa. Mimi naona saa mbili zinatosha. Kisha polisi. Kisha ubalozi, na hapo tena kuna tofauti kati ya kuuliza na kuripoti, nitaieleza. Kuna hali moja tu inayofuta saa mbili hizo: kama mgeni ameporwa, au ameona kwa macho yake mkoba ukichukuliwa. Hapo hakuna cha kutafuta chumbani. Kadi za benki zifungwe papo hapo kwa simu ya hoteli, kabla ya kitu kingine chochote, kisha ni polisi moja kwa moja.

Sasa kutafuta. Swali ambalo karibu kila mhudumu huuliza ni, "Uliiweka wapi?" Mgeni hajui alipoiweka, angejua asingekuja kaunta. Uliza hivi: "Mara ya mwisho uliionyesha kwa nani?" Pasipoti ikiwa sefuni au chini ya begi haitembei. Inapotelea pale inapotolewa mkononi, na hapa kwetu mgeni anatakiwa kuitoa sehemu chache tunazozijua sote. Duka la kubadilishia fedha linaitaka. Duka la simu linaitaka kwa kusajili laini. Kaunta ya tiketi za boti bandarini Malindi inaitaka. Aliyekodi gari au Vespa pengine aliitoa pamoja na leseni. Na sehemu ya mwisho ambayo wahudumu hawapendi kuisikia ni mapokezi yenyewe.

Ndiyo, mapokezi. Mgeni anafika saa tano usiku, umeme umekatika na kurudi, watu wanne wako nyuma yake. Mhudumu anachukua pasipoti, anainua mfuniko wa mashine ya kopi, anailaza kwenye kioo, anabonyeza, karatasi inatoka, anaikimbilia karatasi. Mfuniko unashuka. Pasipoti inalala humo hadi siku ya pili mtu mwingine anapokuja kutoa kopi ya risiti. Nilimsikia msimamizi mmoja wa mapokezi, mtu mzima aliyekaa kazini miaka mingi, akimwambia kijana wake mpya: "Mwanangu, kabla hujamsumbua mgeni, inua mfuniko, halafu vuta droo yote itoke nje, usichungulie tu." Alikuwa na sababu. Pasipoti ni nyembamba, huteleza nyuma ya droo ikakaa kati ya mbao na ukuta.

Kosa jingine la mapokezi ni kubadilisha. Kundi la watu kumi na wawili limefika pamoja, pasipoti zote zina jalada la rangi moja, zimekusanywa zikatolewa kopi, zikarudishwa kwa mafungu. Mume amepewa mbili, moja yake na moja ya jirani. Hakufungua, ameziweka sefuni. Siku ya tatu jirani anahangaika. Kama mgeni aliyepoteza alikuja na kundi, au alifika usiku mmoja na watu wa nchi yake, waombe wote wafungue walizonazo waangalie picha. Wasiangalie jalada, waangalie picha. Zoezi lote ni la dakika kumi.

Chumbani, watu wa usafi wa vyumba wanafahamu mahali pengi zaidi kuliko mwenye chumba. Wao wanajua kwamba mgeni huficha kitu cha thamani ndani ya foronya ya mto wa akiba, halafu mito inabadilishwa. Wanajua nafasi iliyo kati ya godoro na ubao wa kichwani. Wanajua suruali iliyokwenda kwa dobi asubuhi. Lakini chumba kisipekuliwe bila mgeni kuwepo, na wawe wahudumu wawili, asiende mmoja. Hili linamlinda mgeni na linawalinda ninyi. Na sefu: mgeni mwenyewe aifungue, aingize mkono hadi nyuma, maana sefu nyingi ndani ni nyeusi, na pasipoti ya buluu iliyokoza ikilala bapa haionekani.

Wakati hayo yanafanyika, mtu mmoja wa mapokezi apige simu duka la fedha, duka la laini, dereva wa teksi aliyemleta, kituo cha kuzamia. Pigeni ninyi, msimwachie mgeni. Mwenye duka akisikia Kiswahili cha jirani atavuta droo. Akisikia lafudhi ngeni yenye wasiwasi, mara nyingine anajibu "hapana" ili simu ikatike.

Na jihadharini na simu inayoingia. Habari ikishatoka nje, hutokea mtu anasema ameiokota, atumiwe hela kwanza kwenye simu ndipo ailete. Jibu ni moja kwa kila mtu: tafadhali ipeleke kituo cha polisi kilicho karibu nawe, tutakuja kuichukua huko. Aliyeokota kweli ataipeleka, au atakubali mkutane hapo hapo kituoni. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, na mtu hana haki ya kuishika ili alipwe.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mgeni ni mwanamke Mwingereza, peke yake, yuko hoteli ya Nungwi. Ijumaa saa tisa alasiri anasema pasipoti haipo. Ndege yake ni Jumatatu usiku kutoka Zanzibar, anapitia Doha. Mmetafuta hadi saa kumi na moja. Mashine ya kopi haina kitu, duka la fedha halina kitu, dobi hana kitu. Sasa ufanye nini?

Kitu cha kwanza anachokihitaji mnacho ninyi. Siku aliyofika mlitoa kopi ya pasipoti yake. Kopi hiyo ina namba, tarehe ya kutolewa, tarehe ya kwisha, na jina lilivyoandikwa hasa. Mtu aliyefadhaika hakumbuki namba ya pasipoti yake, na kila fomu atakayoijaza itaiuliza. Itoeni kopi, mumpe yeye mkononi. Mumpe yeye, au polisi akija kwa kazi yake, na isiwe mwingine. Msiirushe kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi kwa kusema mnasaidia kutafuta. Ukurasa ule ni vitu vyote ambavyo tapeli angevitaka, na tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kama kopi yenu imefifia, au mlisahau kuitoa, kuna mahali pengine pa kuipata namba. Viza ya mtandaoni ya Tanzania ilimfikia kwa barua pepe. Afungue simu yake atafute, aichapishe mapokezi. Bima ya wageni ya Zanzibar, ile ya dola 44 ambayo kila mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa kuwa nayo tangu Oktoba 2024, nayo aliiombea kwa taarifa za pasipoti. Karatasi hizo mbili zina kazi ya pili baadaye, tutazirudia.

Sasa polisi. Mhudumu afuatane na mgeni, hasa kwa lugha. Kuna vitu viwili watu huvichanganya. Kitu kilichopotea kinaandikiwa ripoti ya upotevu, ambayo siku hizi huombwa pia kwa mfumo wa mtandaoni wa Jeshi la Polisi, kwa malipo ya serikali yenye namba ya kumbukumbu na risiti. Kitu kilichoibwa ni kosa la jinai, kinafunguliwa taarifa kituoni na mlalamikaji anapewa namba ya RB. Mombasa na Nairobi wenzetu wanasema OB, na karatasi anayotoka nayo mtu wanaiita abstrakti. Mhudumu anayetafsiri aseme kile mgeni alichosema, asiongeze chumvi. Mgeni akisema, "Sijui, nilikuwa nayo jana," basi hiyo ni kupotea. Kuna watu humshauri mgeni aseme imeibwa kwa kudhani bima italipa haraka. Mnamwingiza katika maelezo ya uongo mbele ya polisi, na siku pasipoti ikitokea chini ya kiti cha teksi, dereva wa watu atakuwa ameshalala mahabusu.

Kabla hamjaondoka kituoni, soma karatasi. Jina liwe kama lilivyo kwenye kopi, herufi kwa herufi. Namba ya pasipoti isiwe na tarakimu iliyoruka. Tarehe iwe sahihi. Wazungu wengi wana majina matatu, na la katikati huachwa. Kosa dogo hilo linakuja kuwa mabishano marefu mbele ya kaunta ya ndege, na wakati huo mko mbali na kituo kilichoandika.

Ukitoka polisi ndipo ubalozi. Nilisema kuna kuuliza na kuna kuripoti. Balozi nyingi zina simu ya dharura kwa raia wao hata nje ya saa za kazi. Mgeni anaweza kupiga wakati wowote, hata saa ya kwanza ya kutafuta, akasema, "Naomba ushauri, bado natafuta." Hilo halifuti kitu. Kinachofuta ni kujaza taarifa rasmi ya upotevu. Na apige mwenyewe. Mhudumu akipiga kwa niaba yake atajibiwa kwa adabu kwamba hawazungumzi habari za raia na mtu wa tatu, na muda umepotea. Kazi yenu ni kumpa simu inayopiga, chumba chenye utulivu, na intaneti isiyokatika.

Kwa mgeni wetu huyu, ubalozi wa nchi yake uko Dar es Salaam, jengo la Umoja House, ambamo Waingereza wako pamoja na Wajerumani, Waholanzi na Umoja wa Ulaya. Anachoomba ni hati ya dharura ya safari, ombi linaanzia mtandaoni. Kwa kawaida hati hiyo huchukua siku mbili za kazi. Nasisitiza za kazi, kwa sababu hapa ndipo mahesabu ya watu yanapokosea. Leo ni Ijumaa jioni. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Jumatatu ofisi inafungua na kulikuta ombi. Jumatano ndiyo siku ya kuitarajia, na hapo ni kama picha haikukataliwa. Ndege ya Jumatatu usiku imeshakwenda, na mhudumu mwema ni yule anayemwambia mapema. Yule anayesema "usijali mama, itakuwa sawa tu, Jumatatu utaondoka" anampoza roho kwa usiku mmoja na kumtia hasara ya tiketi.

Lakini pia asikimbilie kubadilisha tiketi kwenda Jumanne. Hati ya dharura ya Waingereza huandikiwa safari yenyewe: ataondoka lini, atapitia wapi, ataishia wapi. Inaweza kubeba hadi nchi tano za kupitia, lakini akibadilisha njia au siku baada ya kuchapishwa, huenda akahitaji nyingine. Kwa hiyo aongee na shirika la ndege kwanza, aeleze, achukue tarehe yenye nafasi ya kupumua, tuseme Alhamisi, ndipo ajaze ombi kwa tarehe hiyo. Na aulize jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: kwa kuwa hati ataichukulia Dar es Salaam, ndege haiwezi kuanzia Dar? Ikiwezekana, anabeba mizigo yake yote mara moja na harudi tena Unguja. Ikiwa haiwezekani, hesabu nauli ya kwenda na kurudi, na chumba cha kulala mara ya pili.

Aulize pia kama nchi ya kupitia inaikubali hati hiyo. Mashirika ya ndege yana mfumo uitwao Timatic unaowaambia hati gani inakubalika wapi. Nchi inayoruhusu pasipoti ya kawaida ipite bila maswali inaweza kuwa na sharti jingine kwa hati ya dharura. Doha, Dubai, Addis Ababa, Istanbul na Muscat kila mmoja una utaratibu wa nchi yake, na utaratibu hubadilika. Jibu la mwaka jana la rafiki yake mtandaoni halimfai. Atake jibu la kampuni yake ya ndege, kwa maandishi, ili siku ya safari awe na cha kuonyesha.

Picha. Jumamosi asubuhi mnampeleka studio. Fundi wa picha amezoea kitambaa cha buluu nyuma, kwa sababu pasipoti yetu inataka hivyo, na ameshika kamera kabla hujafungua mdomo. Mwambie mapema: nyuma pawe na rangi moja hafifu, uso wote uonekane, hakuna kivuli, miwani ivuliwe. Vipimo navyo vinatofautiana. Mzungu wa Ulaya anataka milimita 35 kwa 45. Mmarekani anataka mraba wa inchi mbili kwa mbili, yaani kama sentimita tano kila upande, nyuma peupe. Kwa ombi la mtandaoni fundi atoe pia faili la picha kwenye simu ya mgeni, lisiwe picha ya picha, yaani ile ya kupiga karatasi iliyokwisha kuchapwa ikiwa imelala mezani chini ya taa. Maombi mengi hukwama kwa sababu hiyo, na mgeni hujua Jumatatu wakati angeweza kurekebisha Jumamosi.

Kuvuka kwenda Dar. Boti ya asubuhi inachukua takriban saa mbili, na kutoka Nungwi hadi mjini ni zaidi ya saa moja kwa gari, kwa hiyo ama aondoke alfajiri au alale mjini usiku wa kuamkia safari. Boti na ndege za ndani zinataka kitambulisho. Hana pasipoti, lakini ana ripoti ya polisi, kopi yake ya pasipoti, na pengine leseni ya udereva ya kwao yenye picha. Vyote viwe mkononi, visiwe ndani ya begi lililokwishapakiwa. Ni vizuri mapokezi wapige simu ofisi ya boti siku moja kabla waeleze, kuliko mgeni kuanza kujieleza mbele ya foleni yenye mbuzi, mahindi na watoto.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni Uhamiaji. Hati mpya ya mgeni haina muhuri wa kuingia nchini. Kwenye karatasi, ni kama mtu aliyetokea baharini. Muhuri huo ulikuwa ndani ya ile iliyopotea. Kabla ya siku ya safari apite ofisi ya Uhamiaji, Zanzibar au Kurasini kule Dar es Salaam, akiwa na hati mpya, kopi ya zamani, ripoti ya polisi, viza ile ya barua pepe na bima ya Zanzibar yenye tarehe ya kuingia. Hiyo ndiyo kazi ya pili ya karatasi nilizozitaja. Tiketi ya ndege ya kuja nayo inasaidia. Akiyafanya hayo siku ya kazi, ofisini, akiwa na muda, ni mazungumzo ya kawaida. Akiyafanya dirishani uwanja wa ndege saa moja kabla ya kuruka, ofisa atatakiwa kutafuta kwenye mfumo huku ndege ikiita majina.

Mfano wangu ni Mwingereza, lakini wageni si wa nchi moja, na mhudumu anapaswa kujua angalau tofauti kubwa nne.

Kuna wageni ambao nchi yao ina ofisi hapa hapa Unguja. Oman, India na China zina konseli Zanzibar. Mgeni wa Muscat, na wengi wao mtazungumza naye Kiswahili safi kuliko cha baadhi yetu, hana haja ya kukimbilia boti. Aanzie mjini.

Kuna wageni wa nchi za Umoja wa Ulaya ambazo hazina ubalozi Tanzania. Mwaustria, kwa mfano, ataambiwa na mtu kwamba inabidi aende Nairobi, na atauliza, sawa kabisa, atavukaje mpaka bila pasipoti. Hana haja. Raia wa nchi yoyote ya Umoja huo, kama nchi yake haina ubalozi hapa, ana haki ya kuhudumiwa na ubalozi wa nchi nyingine mwanachama kama raia wao, na agizo la mwaka 2015 linaziwekea balozi utaratibu wa kufanya hivyo. Aende kwa Wajerumani, Wafaransa au Waitaliano. Lakini ubalozi huo lazima kwanza uulize serikali ya kwao kama kweli ni raia, na majibu huchukua siku kadhaa za kazi. Mwenye ndege kesho asitarajie muujiza.

Na kuna Wamarekani, ambao hawapewi hati ya karatasi bali pasipoti ya dharura ya muda mfupi, isiyozidi mwaka mmoja. Fomu zao ni DS-64 ya kutoa taarifa na DS-11 ya kuomba, na lazima mtu afike mwenyewe ubalozini Dar es Salaam. Akiwa na mtoto wa chini ya miaka 16 aliyepotelewa, ridhaa ya wazazi wote wawili inahitajika. Mama aliyesafiri na mtoto peke yake aanze kumtafuta baba kwa simu usiku ule ule, kwa sababu saa za Marekani na zetu zinapishana.

Mgeni wa Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi yuko karibu na kwao, lakini karibu huko humdanganya. Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo. Mkenya mwenye kitambulisho chake mfukoni bado atahitaji kwenda ubalozi wa nchi yake Dar es Salaam apewe hati ya dharura. Mwambieni hivyo kabla hajapanda basi la Horohoro.

Kuhusu barua ya hoteli. Ubalozi au bima inaweza kutaka maandishi kutoka kwenu. Andikeni mnachokijua: fulani alifika hapa tarehe hii, tulitoa kopi ya pasipoti yenye namba hii, tarehe hii saa hii alitueleza kwamba haioni, tulitafuta sehemu hizi na hizi. Msiandike "pasipoti iliibwa ufukweni" kama hakuna aliyeona. Msiandike pia "haikupotelea hotelini kwetu." Hamjui, na siku ikionekana nyuma ya droo yenu, barua hiyo itasomwa tena na watu wenye suti.

Na la mwisho ni hili. Mgeni ameshafika kwao, wiki tatu zimepita, mtu wa usafi anavuta kabati na pasipoti inaanguka. Watu wema hufikiria kuiweka kwenye bahasha na kuituma posta. Msifanye hivyo. Imefutwa, haimsaidii chochote, na ikipotea njiani inaweza kuangukia mikono ya mtu atakayeitumia kwa jina lake. Iandikeni kwenye daftari la vitu vilivyookotwa: tarehe, chumba, namba ya pasipoti, jina la aliyeiona. Muipeleke polisi au ubalozi wa nchi iliyoitoa, mtake karatasi ya kupokelewa, na karatasi hiyo muibane kwenye ukurasa ule ule wa daftari. Kisha mwandikieni mgeni barua pepe fupi kumweleza imepatikana wapi na imekabidhiwa kwa nani. Kama kuna dereva wa teksi aliyeshukiwa siku ile, naye apigiwe simu, aambiwe kwa sauti ya meneja mwenyewe.